Mkanda Mwembamba kwenye Elektroforesi ya Protini za Seramu: Kuuhakiki na Vipimo Vinavyoufuata

Mwongozo huu umetokana na maswali yanayorudi kwenye benchi ya kemia ya maabara yetu hapa Dodoma, ambako sampuli hutufikia kutoka mjini na nyingine kwa basi kutoka Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Manyoni. Swali kubwa ni moja: grafu imeonyesha mkanda ambao haukutarajiwa, je, ni protini ya klona moja kweli, yaani iliyotengenezwa na ukoo mmoja wa seli, na kama ni kweli, nini kifuate? Nimeupanga kwa dalili, yaani kwa kile ambacho jicho linakiona kwenye jeli au kwenye grafu, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea zaidi.

Kwanza tukumbushane sura ya kawaida. Seramu ikiwekwa kwenye jeli ya agarosi yenye bafa ya pH 8.6 na umeme ukapitishwa, protini hugawanyika katika maeneo matano. Albumini hukimbia mbele kabisa kuelekea upande chanya na kuacha mkanda mzito, mweusi, wenye kingo kali. Nyuma yake hufuata alfa-1, kisha alfa-2 yenye haptoglobini, kisha beta, ambayo kwenye jeli nzuri hugawanyika mara mbili: beta-1 ni transferini na beta-2 ni komplementi C3. Mwisho ni gama, makao ya kingamwili. Gama ya mtu mwenye afya haina kingo. Ni kivuli kipana kinachofifia pande zote mbili, kwa sababu kingamwili hizo zimetengenezwa na maelfu ya koo za seli, na kila ukoo una protini yenye chaji iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Ukoo mmoja ukizaliana kupita kiasi, protini yake yote huwa na chaji ileile, hivyo hukimbia kwa mwendo mmoja na kurundikana mahali pamoja. Huo ndio mkanda mwembamba, na kwenye grafu ya densitomita ndio kilele kilichochongoka.

Dalili ya kwanza: mkanda mwembamba katikati ya beta na gama

Kabla ya kufikiria ugonjwa wowote, itazame chupa. Chanzo cha kawaida kabisa cha mkanda wa mahali hapa ni fibrinojeni, na fibrinojeni huonekana pale tunapopima plazma tukidhani ni seramu. Damu ikichukuliwa kwenye chupa ya kijani yenye heparini au ya zambarau yenye EDTA, haigandi, na fibrinojeni yote hubaki. Huo ni uhakiki wa sekunde tano, lakini huwezekana tu kama chupa ya awali imefika. Sampuli iliyokwisha kuhamishiwa kwenye kichupa kidogo cha plastiki haina kifuniko cha rangi cha kukuonya, na hapo ndipo watu hupotea.

Miezi kadhaa iliyopita tulipokea kichupa cha namna hiyo kutoka kituo cha mbali, kikiwa na lebo iliyosema seramu. Grafu ilikuwa na kilele kidogo, kizuri kabisa, mwishoni mwa beta, kikikadiriwa gramu 4 kwa lita. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba ipo protini ya klona moja, na mama wa miaka 34 angeanza safari ya kwenda kutolewa uboho. Tulipiga simu kwanza. Mpeleka sampuli alikumbuka kwamba chupa nyekundu zilikuwa zimekwisha siku ile, akatumia ya kijani. Sampuli mpya ya chupa nyekundu ilipokuja, kilele hakikuwepo.

Chupa ikiwa ni sahihi, uliza kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kama damu iliachwa igande vya kutosha. Iache kwenye joto la chumba kati ya dakika 30 na saa nzima ndipo uizungushe kwenye sentrifyuji. Ukiona nyuzi za jeli juu ya seramu baada ya kuizungusha, kuganda hakukukamilika. Iwapo sampuli mpya haiwezi kupatikana upesi, ongeza trombini kwenye sehemu ndogo ya sampuli, uache igande, uizungushe tena na upime upya: mkanda ukitoweka, ulikuwa fibrinojeni.

Hata hivyo usiufute mkanda wa mahali hapa kwa kudhania tu. Kingamwili ya IgA ya klona moja hupenda kukaa palepale, na minyororo myepesi, yaani vipande vidogo vya kingamwili, pia. Mkanda ukibaki katika seramu iliyoganda vizuri, unapaswa kupelekwa kwenye imunofikisesheni, kipimo kinachotambua aina ya kingamwili, bila kujali udogo wake.

Dalili ya pili: mkanda ulioongezeka ndani ya beta au alfa-2

Kwetu chanzo kinachoongoza ni upungufu wa madini ya chuma. Mwili ukikosa chuma, ini huongeza transferini, na mkanda wa beta-1 hukolea hadi ukaonekana kama mgeni. Mimba huleta sura hiyohiyo. Angalia ukubwa wa seli nyekundu kwenye kipimo cha picha kamili ya damu: seli ndogo zenye rangi hafifu kwa mama mjamzito hueleza mkanda huo vizuri kuliko saratani ya uboho.

Chanzo cha pili ni seli nyekundu kupasuka ndani ya chupa. Hemoglobini iliyoshikana na haptoglobini hutokea kati ya alfa-2 na beta, na ile iliyo huru huingia kwenye beta yenyewe. Seramu ya namna hiyo huwa nyekundu au ya waridi, kwa hiyo jicho linatosha. Sampuli zinazotikiswa barabarani kabla ya kutenganishwa na seli ndizo zinazoathirika zaidi. Tenganisha kwanza, ndipo usafirishe, na usafirishe ndani ya kasha lenye barafu, kwa maana joto la Oktoba na Novemba hapa kwetu haliisamehe sampuli. Seramu iliyokaa siku nyingi pia hupoteza mkanda wa C3, na vipande vyake husogea na kuunda kivuli kipya.

Chanzo cha mwisho, ambacho ni adimu zaidi lakini hakipaswi kusahauliwa, ni IgA ya klona moja iliyojificha chini ya transferini au C3. Mimi huwa na shaka ninapoona beta-2 imeipita beta-1 katika sampuli mbichi, hasa gama ikiwa imefifia. Hapo naomba imunofikisesheni hata kama grafu inaonekana safi.

Dalili ya tatu: gama yote imepanda, lakini imekuwa mlima na si mwiba

Hii ndiyo sura ambayo huleta hofu isiyo na sababu mara nyingi zaidi. Jumla ya protini imepanda, tofauti kati yake na albumini ni kubwa, mwandishi wa ombi ameandika mayeloma, yaani saratani ya seli za plazma zinazotengeneza kingamwili kwenye uboho, kwa alama ya kuuliza, na grafu inaonyesha gama pana iliyonyanyuka kama kichuguu. Koo nyingi za seli zinafanya kazi kwa pamoja. Katika mazingira yetu tunawaza VVU, kifua kikuu, ugonjwa wa muda mrefu wa ini, maambukizi sugu na magonjwa ya kinga kama baridi yabisi. Katika sirosisi ya ini, IgA huongezeka na kujaza bonde lililo kati ya beta na gama, hivyo maeneo hayo mawili huungana na kuwa kitu kimoja.

Njia nyepesi ya kutofautisha ni kulinganisha upana. Kilele cha albumini ni protini moja, kwa hiyo kinakupa kipimo cha upana wa protini moja kwenye jeli yako ya siku hiyo. Kilele cha gama kikiwa chembamba kama albumini au zaidi, kishuku. Kikiwa kipana mara mbili au tatu ya albumini na miteremko yake ni ya taratibu, ni cha koo nyingi.

Mahali pagumu ni pale ambapo juu ya mlima huo vinatokea vimikanda viwili au vitatu vyembamba. Watu wanaoishi na VVU huwa na sura hiyo mara kwa mara, na mara nyingi hufifia kinga inapotulia kwa matibabu. Andika unachokiona, peleka kwenye imunofikisesheni ikiwa mmoja umekolea kuliko wenzake, na shauri kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita.

Dalili ya nne: mwiba uliochongoka ndani ya gama

Hapa mpangilio wa uwezekano unageuka. Kama seramu ni safi na chupa ni sahihi, chanzo kinachoongoza ni protini ya klona moja. Vinavyoweza kudanganya ni vichache: alama ya pale sampuli ilipowekwa kwenye jeli, ambayo utaitambua kwa kuwa imejitokeza mahali palepale kwenye njia za wagonjwa wote, protini ya CRP katika uvimbe mkali, na dawa ya daratumumabu, ambayo yenyewe ni kingamwili ya IgG kapa, kwa mgonjwa aliyekwisha kuanza matibabu ya mayeloma.

Nichukue mfano mmoja hadi mwisho. Mkulima wa alizeti kutoka Kongwa, mwanamke wa miaka 61, alikuwa ameumwa mgongo kwa miezi saba na kupewa diklofenaki mara nyingi. Hemoglobini yake ilikuwa 7.8 g/dL. Kwenye slaidi, seli nyekundu zilikuwa zimepangana kama sarafu kwenye mrundo, na mteknolojia wa hematolojia ndiye aliyeshauri tupime protini. Jumla ya protini ilikuwa gramu 108 kwa lita na albumini 31, tofauti ya 77. Tofauti inayozidi 40 inatosha kuomba elektroforesi, ingawa yenyewe haisemi kama ni koo nyingi au moja.

Kwenye jeli, mkanda ulikuwa mweusi na mwembamba kama uzi wa mshonaji, na pande zake zote mbili gama ilikuwa karibu nyeupe. Weupe huo una maana. Ukoo mmoja unapotawala uboho, koo nyingine hukandamizwa, na ndiyo sababu mgonjwa mwenye protini nyingi kiasi hicho hupata nimonia kwa urahisi. Densitomita iligawa hivi: albumini asilimia 30, alfa-1 asilimia 4, alfa-2 asilimia 9, beta asilimia 10, mwiba asilimia 43 na gama iliyobaki asilimia 4. Kiasi cha mwiba hupatikana kwa kuzidisha asilimia yake kwa jumla ya protini, yaani 0.43 mara 108, ambayo ni gramu 46 kwa lita. Mistari ya mpaka wa mwiba huwekwa na mkono wa binadamu, kwa hiyo andika jinsi ulivyoiweka, na mgonjwa akirudi uiweke vilevile, la sivyo utatangaza mabadiliko ambayo yametokana na kalamu yako.

*Imunofikisesheni.* Elektroforesi inasema kuna kitu kimoja kingi. Haisemi ni nini. Sampuli huendeshwa tena kwenye njia sita. Moja hupakwa rangi ya protini zote, na tano huwekewa antisera dhidi ya minyororo mizito ya IgG, IgA na IgM, na dhidi ya minyororo myepesi ya kapa na lamda. Mkanda mkali hujitokeza pale tu antisera ilipoikamata protini yake. Kwa mgonjwa wetu mkanda ulitokea kwenye njia ya IgG na ya kapa, mahali palepale pa mwiba, na kwingine hapakuwa na kitu.

Matatizo ya hatua hii ni machache. Mkanda ukiwa na kingo nyeusi na katikati tupu kama pete, protini ni nyingi kuliko antisera. Punguza makali ya sampuli na urudie. Ukiona mnyororo mzito bila mwepesi, rudia pia kwa sampuli iliyopunguzwa makali tofauti. Ukiona mwepesi bila mzito, pima IgD na IgE kabla ya kuandika kwamba ni minyororo myepesi peke yake. Mikanda miwili ya aina ileile mara nyingi ni IgA au IgM iliyoshikana kwa makundi, na kuitibu seramu kwa merkaptoethanoli huiunganisha kuwa mmoja.

*Minyororo myepesi iliyo huru.* Katika mtu mwenye figo nzima, uwiano wa kapa kwa lamda ni kati ya 0.26 na 1.65. Figo zikidhoofika uwiano hupanda kidogo bila ugonjwa wa uboho, na wengi hutumia kati ya 0.37 na 3.1. Mgonjwa wetu alikuwa na kapa 480 mg/L na lamda 6, uwiano wa 80.

*Mkojo, damu na mifupa.* Hapa ombi hutoka kwa daktari, lakini maabara inaweza kulikumbusha kwenye maoni: picha kamili ya damu, kalsiamu, kreatinini, protini za mkojo wa saa 24 pamoja na elektroforesi yake, beta-2 mikroglobulini na LDH. Kalsiamu yake ilikuwa 2.9 mmol/L na kreatinini 190 µmol/L. Picha za eksirei zilionyesha vishimo kwenye fuvu na pingili moja ya kiuno iliyobonyea. Eksirei ya kawaida huviona vishimo vikiwa vimekwisha kuwa vikubwa, kwa hiyo penye sitiskani, sitiskani ya mwili mzima yenye mionzi midogo ndiyo inayopendekezwa.

*Uboho.* Seli za plazma zilikuwa asilimia 35. Kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2014, seli za klona moja zinazofikia asilimia 10 au zaidi, pamoja na dhara hata moja kati ya kalsiamu zaidi ya 2.75, kreatinini zaidi ya 177, hemoglobini chini ya 10 au vishimo vya mifupa, zinatosha kuitwa mayeloma. Yeye alikuwa nayo yote manne.

Mwiba huohuo ungeweza kuishia kwingine. Ukiwa chini ya gramu 30 kwa lita, seli za plazma zikiwa chini ya asilimia 10 na dhara lolote halipo, hali hiyo huitwa MGUS, yaani protini ya klona moja ambayo maana yake bado haijulikani. Si saratani, lakini takriban mtu mmoja kati ya mia huvuka kila mwaka kuelekea mayeloma au ugonjwa wa jamii hiyo. Ikiwa ni IgG, chini ya gramu 15, na uwiano wa minyororo ni wa kawaida, mgonjwa asiye na dalili hana haja ya kutolewa uboho mara moja. Hurudia kipimo baada ya miezi sita, na baadaye kwa nafasi ndefu zaidi. Mwiba wa IgM nao hufuata njia nyingine, ya limfoma inayoitwa Waldenstromu, ambapo tezi na wengu hutazamwa kabla ya mifupa.

Dalili ya tano: hakuna mwiba, lakini mgonjwa ana kila sababu ya kuwa nao

Hii naiona kuwa dalili hatari kuliko zote, kwa sababu jibu lenye neno kawaida humfunga daktari macho. Takriban mgonjwa mmoja kati ya sita wa mayeloma hutoa minyororo myepesi peke yake. Ni midogo, hupenya kwenye figo na kumwagika kwenye mkojo, hivyo kwenye seramu kilele kinaweza kukosekana kabisa. Unachokiona ni gama iliyopungua tu. Gama ikiwa chini kwa mtu mzima asiyetumia dawa za kukandamiza kinga, na asiyepoteza protini kwa ugonjwa wa figo, usiandike kawaida.

Kipimo rahisi cha kuanzia kipo karibu kila maabara ya wilaya. Kijiti cha mkojo hutambua albumini na karibu hakioni minyororo myepesi. Chukua mkojo huohuo, uuzungushe uwe mwangavu, uongeze asidi ya salfosalisili ya asilimia 3. Kijiti kikisema hakuna protini huku asidi ikiufanya mkojo kuwa mweupe kama tui, omba imunofikisesheni ya mkojo na ya seramu, pamoja na minyororo myepesi iliyo huru. Dawa ya kung'arisha picha aliyodungwa mgonjwa kwa ajili ya sitiskani inaweza kuufanya mkojo kuwa mweupe vilevile, kwa hiyo uliza.

Pale unapopaswa kusimama na kumpigia daktari

Mteknolojia asitamke mayeloma kwa mgonjwa wala kwa ndugu zake, hata mwiba uwe mrefu namna gani. Aandike aina ya protini, kiasi chake, hali ya gama iliyobaki na kipimo kinachofuata. Kama maabara haina imunofikisesheni, aandike kwamba mkanda unashukiwa, na atume seramu iliyogandishwa kwa baridi kwenye maabara ya rufaa pamoja na nakala ya grafu.

Yapo majibu yasiyosubiri karatasi. Mwiba wowote mpya ukiambatana na kalsiamu iliyopanda au kreatinini inayokimbia unahitaji simu siku hiyohiyo, na katika simu hiyo muulize daktari kama mgonjwa bado anapewa diklofenaki au ibuprofeni, kwa sababu figo zilizojaa minyororo myepesi huangushwa nazo haraka. Mwiba mkubwa wa IgM kwa mtu anayetokwa damu puani, anayeona ukungu au aliyechanganyikiwa ni dharura ya damu kuwa nzito. Asiongezewe damu kabla mtaalamu wa hematolojia hajaulizwa. Na yule mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu imeanza kulegea au mkojo umeziba anapaswa kupigwa picha ya uti wa mgongo siku hiyohiyo, hata kama imunofikisesheni yake bado iko kwenye jeli.